Kilwa ndani ya kurasa mbili: namna ya kufupisha somo la haki za binadamu
Maneno yaliyosemwa mbele ya vijana, Lubumbashi



Wengi kati yenu muko na shida moja. Profesa ametoa silabisi nene ya haki za binadamu, kisha anaomba TP ya kurasa mbili: vyombo vikubwa vya sheria, njia za kuvitekeleza, na lawama ambazo watu wanavitupia. Munasoma, munachora mistari chini ya kila neno, na mwishoni munabaki na orodha ya mikataba kumi na tano pamoja na tarehe zake. Hiyo si rezime, wandugu. Hiyo ni kalenda.

Mimi niko na diploma ya sheria na sina kazi, basi wakati wa kusoma niko nao. Leo nataka tufanye ile TP pamoja, na sherti tuifanye na jambo ya kwetu. Tutachukua Kilwa. Tutaipitisha Kilwa ndani ya somo lote, na kila pahali itakapokwama, hapo njo tutaandika. Ukifanya hivyo, vile vipande vitatu anavyoomba profesa vinakuwa hadithi moja: watu walidai nini, walidai kwa nani, na walipata nini.

Kwanza tukumbuke yaliyotokea. Kilwa ni kijiji cha wavuvi na bandari ndogo kwenye ziwa Moero, teritware ya Pweto. Mwaka 2004, kampuni ya Anvil Mining, ya Australia na Kanada, ilikuwa inachimba shaba na feza kule Dikulushi, karibu kilometa 50 kutoka Kilwa, na mali yake ilipita kwenye ile bandari kuvuka kwenda Zambia. Tarehe 14 mwezi wa 10, kikundi kidogo sana cha waasi kiliingia Kilwa. Kesho yake jeshi la serikali likairudisha. Waasi hawakupigana sana. Lakini raia waliuawa zaidi ya 70, wengine kwa mabomu, wengine walipigwa risasi bila hukumu yoyote. Nyumba ziliporwa, watu walifungwa na kuteswa, na maiti zingine zilitupwa ndani ya shimo moja pale Nsensele. Magari ya kampuni yalibeba askari. Kampuni ilijibu kwamba jeshi liliyachukua kwa nguvu ya sheria na haikuwa na namna ya kukataa. Mushike hilo kichwani, tutalirudilia.

Sasa tufungue kile kipande cha kwanza: vyombo.

Silabisi itawapa vyombo vingi. Kwa kurasa mbili, muchukue vitatu tu, na kila kimoja mukipe kazi yake. Cha kwanza ni Tangazo la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948. Muangalie neno lenyewe: tangazo. Hakuna nchi iliyotia sahihi ili ifungwe nalo kama mtu anavyofungwa na kontra. Kazi yake katika TP yenu ni sentensi moja: ndilo mama ya maneno ambayo mikataba ya nyuma iliyageuza kuwa sheria. Mwanafunzi anayeandika kwamba Kongo «ilivunja Tangazo na sherti ihukumiwe» anapoteza alama hapo hapo.

Cha pili ni Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na za Kisiasa wa mwaka 1966. Huu ni mkataba wa kweli. Nchi yetu, wakati ule ikiitwa Zaire, iliingia ndani yake mwaka 1976, na siku ile ile iliingia pia katika protokoli inayoruhusu mtu binafsi kulalamika mbele ya Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, kule Jeneva. Wengi hawajui hilo. Wanafikiri Umoja wa Mataifa unasikiliza serikali peke yake.

Cha tatu njo chetu leo: Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Ulipitishwa Nairobi mwaka 1981, ukaanza kufanya kazi mwaka 1986, na Zaire iliuridhia mwaka 1987. Muone jina lake: haki za binadamu «na watu». Ndani yake kuna haki za mtu mmoja: kifungu cha 4 juu ya uhai, cha 5 juu ya mateso, cha 6 juu ya uhuru, cha 7 juu ya kusikilizwa na mahakama, cha 14 juu ya mali. Lakini kuna pia haki za watu wote kwa pamoja: kifungu cha 21 juu ya utajiri wa udongo wao, cha 22 juu ya maendeleo, cha 23 juu ya amani, cha 24 juu ya mazingira mazuri. Tena kifungu cha 27 mpaka cha 29 vinampa mtu wajibu wake mbele ya familia na nchi. Ukiweka Kilwa mbele ya huu mkataba, unaona mara moja kwa nini unafaa. Waliouawa wako chini ya kifungu cha 4, waliofungwa chini ya cha 5 na cha 6, walioporwa chini ya cha 14. Hivyo badala ya kukariri vifungu, unavipanga kwa majeraha.

Kabla ya kuacha kipande hiki, muongeze mstari mmoja juu ya Katiba yetu ya mwaka 2006. Kifungu chake cha 215 kinasema kwamba mkataba ulioridhiwa sawasawa, ukishatangazwa, uko juu ya sheria za kawaida. Maana yake, avoka wa Lubumbashi anaweza kutaja Mkataba wa Afrika mbele ya hakimu wa hapa hapa. Hauko kitu cha mbali cha wazungu wa Jeneva. Uko ndani ya sheria yetu.

Twende kwenye kipande cha pili, njia za kutekeleza. Hapa njo wengi wanazama, juu majina yanafanana: Tume, Kamati, Mahakama, Arusha, Banjul, La Haye. Dawa yake ni kuuliza kila chombo maswali matatu. Nani anaweza kukibishia hodi? Kinamhukumu nani? Na neno lake likishatoka, linamfunga anayehukumiwa ao ni ombi tu?

Tujaribu na La Haye kwanza, ili tuondoe ule mchanganyiko. La Haye kuna nyumba mbili zinazotuhusu. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ile munayoita CPI, inahukumu watu, na wewe raia hauwezi kupeleka kesi yako kule; mwendesha mashtaka njo anaamua. Mahakama ya Kimataifa ya Haki inahukumu nchi, na nchi peke yake njo inaweza kushitaki. Kongo iliishitaki Uganda pale. Mwaka 2005 hukumu ilitoka kwamba Uganda ilivunja sheria, ikiwa ni pamoja na Mkataba wa Afrika, na mwaka 2022 iliambiwa ilipe dola milioni 325, kwa mafungu matano ya milioni 65 kila mwaka. Hukumu ile inafunga. Lakini mama wa Kisangani hakuwa upande wowote katika kesi ile. Serikali njo ilikuwa mwenye kesi, na serikali njo inayopokea ile feza. Kwa Kilwa njia hii haikuwezekana kabisa, juu hapo waliowaua raia walikuwa askari wa nchi yao wenyewe. Serikali haitajishitaki.

Basi watu wa Kilwa walibisha hodi wapi? Walianza nyumbani. Askari tisa na watu watatu waliokuwa wafanyakazi wa kampuni walipelekwa mbele ya tribinali ya kijeshi hapa Lubumbashi. Tarehe 28 mwezi wa 6 mwaka 2007 tribinali iliwaachilia wote juu ya mambo ya Kilwa. Raia watatu walihukumiwa na waamuzi wa jeshi, na jamaa za waliokufa walikuja kudai mbele ya tribinali ya lile jeshi lililowaua watu wao. Mwaka 2003, Tume ya Afrika ilikuwa imekwisha kuandika katika kanuni zake juu ya hukumu ya haki kwamba mahakama za kijeshi ni za makosa ya kijeshi yanayofanywa na wanajeshi, na zisimhukumu raia. Rufaa nayo haikuwapatia watu wa Kilwa kitu.

Kisha walijaribu nyumbani kwa kampuni. Mwaka 2010, shirika moja lilipeleka kesi Kanada, jimbo la Kebek, kwa jina la wahanga. Hakimu wa kwanza alikubali mwaka 2011 kuisikiliza. Mahakama ya rufaa ikakataa mwaka 2012: ofisi ya kampuni pale Montreali ilifunguliwa mwaka 2005, nyuma ya mauaji, kwa hiyo ikaona kwamba jambo lenyewe halina kiungo cha kutosha na Kebek. Mahakama Kuu ya Kanada ilikataa kulichukua. Muone: hakuna hakimu wa kule aliyesema kwamba mauaji hayakutokea wala kwamba kampuni haina kosa. Walisema tu: si hapa. Katika TP yenu mutofautishe sana kati ya «umeshindwa» na «haukusikilizwa».

Ilibaki Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye wajumbe kumi na mmoja na makao kule Banjul, Gambia. Kifungu cha 55 cha Mkataba kinaipa nafasi ya kupokea malalamiko yasiyotoka kwa serikali. Mtu anaweza kuleta, shirika linaweza kuleta, na si lazima mwenye kuleta awe yeye njo aliumizwa. Lakini kuna mlango mwembamba, kifungu cha 56, chenye masharti saba. Sitayasoma yote. Matatu njo yanaangusha watu wengi. La kwanza: malalamiko yasiwe na matusi dhidi ya serikali ao Umoja wa Afrika. Wandugu, najua namna tunavyoandika kwenye mitandao. Pale hapana. La pili: yasitegemee habari za redio na gazeti peke yake, unahitaji shahidi, karatasi ya hospitali, picha yenye tarehe. La tatu, kubwa kuliko yote: sherti uwe umemaliza njia za sheria za ndani ya nchi, isipokuwa pale zinapochelewa kupita kiasi. Njo maana ile kesi ya tribinali ya kijeshi, ingawa ilishindwa, haikuwa bure. Ile hukumu ya kushindwa njo karatasi ya kuingilia Banjul.

Mashirika matatu yaliwasilisha malalamiko mwaka 2010. Tume iliamua mwaka 2016, na uamuzi ukajulikana kwa watu mwaka 2017. Ilisema kwamba serikali ya Kongo ina lawama ya mauaji bila hukumu, mateso, kufunga watu ovyo, watu kupotezwa na kufukuzwa kwenye makao yao. Iliomba serikali ilipe dola milioni 2.5 kwa wahanga wanane na jamaa zao waliotajwa katika malalamiko, na itafute wahanga wengine ili nao walipwe. Iliomba pia uchunguzi mpya, ili waliohusika wahukumiwe, askari pamoja na watu wa kampuni. Iliomba serikali iwaombe watu wa Kilwa musamaha mbele ya wote, ifukue maiti za Nsensele na kuzizika kwa heshima, ijenge kumbukumbu, na irudishe mashule na hospitali zilizobomolewa.

Mukisoma uamuzi kama ule, munaona sheria inaweza kusema ukweli wote, mpaka jina la shimo. Sasa tulete lile swali la tatu: neno la Tume linafunga?

Hapo njo kipande cha tatu kinaanza, lawama. Nawaomba jambo moja. Musiandike «haki za binadamu hazina nguvu». Hiyo ni maneno ya bar. Lawama yenye maana inaonyesha kidole kwenye hatua moja: kifungu gani, chombo gani, mwaka gani. Kilwa inatupa nne. Muchague mbili.

Lawama ya kwanza ni ya utekelezaji. Chini ya Mkataba, Tume inatoa mapendekezo. Kanuni zake zinaipa serikali siku 180 kujibu imefanya nini. Siku zikipita, Tume inaweza kuandika barua, kukumbusha, kupeleka jina la nchi mbele ya wakubwa wa Umoja wa Afrika. Haina bayifu wa kwenda kukamata akaunti ya serikali. Baada ya uamuzi wa Kilwa kutangazwa, miaka ilipita na yale mashirika yaliendelea kudai malipo. Lakini mutoe na upande wa pili, profesa anaupenda. Serikali iliridhia Mkataba kwa hiari yake, na kifungu cha 1 kinailazimisha kuchukua hatua ili haki zile ziwe za kweli. Tume yenyewe inashikilia kwamba nchi iliyoridhia haiwezi kuutendea uamuzi wake kama ushauri wa bure. Ubishi hapa si juu ya wajibu. Ni juu ya mkono wa kuulazimisha.

Mtu atasema: basi si kuna Mahakama ya Afrika, Arusha? Iko, na hukumu zake zinafunga. Protokoli yake ni ya mwaka 1998, na Kongo imeiridhia. Lakini kuna mlango wa pili ndani ya mlango. Kifungu cha 34, aya ya 6, kinasema raia na mashirika hawaingii moja kwa moja mpaka nchi yao itoe tamko maalumu la kukubali. Kongo haijatoa lile tamko. Matokeo yake ni haya: serikali yetu iliweza kwenda Arusha kuishitaki Rwanda, na mwezi wa 6 mwaka 2025 Mahakama ilisema iko na uwezo wa kuisikiliza ile kesi. Lakini mjane wa Kilwa hawezi kwenda pale kuishitaki serikali yetu. Nyumba ni moja, mlango uko wazi kwa serikali na umefungwa kwa raia wake. Na hata nchi zilizowahi kufungua, zingine zilifunga: Rwanda mwaka 2016, Tanzania mwaka 2019, ingawa Arusha yenyewe iko Tanzania, kisha Benin na Kodivwar mwaka 2020. Zilikuwa zimeanza kushitakiwa na raia wao. Hiyo peke yake inaweza kuwa aya nzima ya TP.

Lawama ya pili ni ya maandishi yenyewe. Vifungu kadhaa vya Mkataba wa Afrika vinatoa haki kwa mkono mmoja na kuishikilia kwa mkono mwingine. Kifungu cha 10, kwa mfano, kinakupa haki ya kuungana na wenzako katika shirika, ila «ukifuata sheria». Sheria ya nani? Ya serikali ile ile unayoilalamikia. Kikundi cha vijana kikinyimwa karatasi na meya, meya atasema anafuata sheria. Mkataba wa 1966 ni mkali zaidi, unataka kizuizi kiwe cha lazima katika jamii ya kidemokrasia. Lakini musiishie hapo. Tume ililiona tatizo hili mapema. Katika kesi ya waandishi wa habari wa Nijeria, mwaka 1998, ilisema kwamba nchi haiwezi kutunga sheria yoyote ya kupunguza haki kisha ijifiche nyuma yake. Sheria ya ndani sherti ilingane na Mkataba. Kwa hiyo maandishi ni dhaifu, lakini namna yanavyosomwa imeyaimarisha. Mwanafunzi anayeandika nusu ya kwanza tu anaonyesha kwamba alisoma Mkataba na hakusoma maamuzi.

Lawama ya tatu inahusu nani anashitakiwa. Turudilie yale magari. Mkataba unafunga nchi. Kampuni haikutia sahihi, basi haiwezi kusimama mbele ya Tume kama mshitakiwa. Tume ilifika mpaka pale ilipoweza: iliiambia serikali ichunguze na kuhukumu, pamoja na watu wa kampuni. Ombi hilo linarudi kwa nani? Kwa waamuzi wa nchi ambayo tribinali yake iliwaachilia mwaka 2007. Na kule Kanada waliambiwa «si hapa». Hivyo, swali kama kampuni ililazimishwa ao ilisaidia kwa kupenda halijajibiwa kwa undani na hakimu yeyote nje ya tribinali ile ya kijeshi. Kwa sisi wa Katanga, pahali migodi iko kila upande, naona hii njo lawama yenye uzito kuliko zote.

Ya nne ni wakati. Muhesabu wenyewe: mauaji 2004, hukumu ya Lubumbashi 2007, malalamiko 2010, uamuzi 2016, kutangazwa 2017. Mtoto aliyezaliwa Kilwa wiki ile alikuwa na karibu miaka kumi na tatu siku alipoweza kusikia kwamba Afrika imekubali baba yake aliuawa bila haki.

Silabisi itawapa pia lawama moja ya zamani, kwamba haki za binadamu ni jambo la wazungu. Muitaje kwa ufupi, kisha muipime na Mkataba wenyewe. Uliandikwa na Waafrika, unazo haki za watu na wajibu wa mtu, vitu ambavyo mkataba wa 1966 hauna kwa namna ile. Na waliobisha hodi Banjul ni watu wa Kilwa. Anayesema haki hizi si za kwetu, mara nyingi ni yule anayedaiwa.

Sasa tupange zile kurasa mbili. Muandike aya tano. Ya kwanza, sentensi nne: Kilwa ni nini, na jibu lenu. Musingoje mwisho kutoa jibu. Muandike mfano hivi: «Kesi ya Kilwa inaonyesha kwamba mfumo wa Afrika una vifungu vya kutosha na mlango wa kuingilia, lakini unakatika kati ya uamuzi na malipo.» Ya pili, vile vyombo vitatu, kila kimoja na kazi yake. Ya tatu, safari ya malalamiko kutoka tribinali ya Lubumbashi mpaka Banjul, na yale maswali matatu. Ya nne, lawama mbili, kila moja na jibu lake. Ya tano, nini kibadilike, na hapo muwe wadogo na wa kweli: si «dunia ibadilike», ila kwa mfano Kongo itoe tamko la kifungu cha 34, aya ya 6. Ni karatasi moja, sahihi moja, na inajulikana ni nani anapashwa kuitia.

Namna ya kujua kama rezime yenu iko sawa: mufute jina Kilwa kila pahali. Kama TP inaendelea kusomeka vizuri bila shida, basi hamukutumia ile kesi, muliipachika tu kama picha ukutani. Kisha mufanye jaribio la pili: kila sentensi ya lawama, mutafute ndani yake namba ya kifungu ao mwaka. Isipokuwa na kimoja, muiondoe ao muiongezee.

Na jambo la mwisho kabla ya maswali. Ile njia ya Banjul tuliyoipita leo kwa ajili ya TP ni njia ile ile mtu wa kwenu atakayoipita siku akihitaji. Masharti ya kifungu cha 56 hayabadiliki juu wewe si mwanafunzi tena. Shahidi anayeandikwa jina leo, hukumu ya ndani inayoombwa kopi leo hata kama ni ya kushindwa, karatasi ya hospitali inayowekwa pahali pakavu: hivyo njo vitu ambavyo watu wa Kilwa na wasaidizi wao walipashwa kuvikusanya miaka na miaka. Mwenye kuandika TP nzuri juu ya Kilwa anajua tayari faili la namna hiyo linaanzia wapi.

Sasa nasikiliza maswali, na mwenye silabisi ya profesa aje nayo hapa mbele tuifungue pamoja.